Goma 2012: Askari wa UN walikuwepo, mji ukachukuliwa. Walikatazwa kupiga risasi au hawakutaka?

MtembeziWaUsiku

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa kumaliza ubishi.

Jana nilikuwa na mjomba wangu tukizungumzia Kongo, akatoa ile kauli ambayo nimeisikia tangu nikiwa mdogo: "Wale wa UN hawaruhusiwi kupiga risasi, wamepelekwa kuangalia tu." Nikamwambia mjomba, haingii akilini. Mtu hapewi helikopta za kivita na magari ya deraya ili aangalie tu. Akanijibu kwa tarehe moja: 20 Novemba 2012. Siku hiyo waasi wa M23 waliingia Goma mchana kweupe, na ndani ya mji kulikuwa na askari wapatao 1,500 wa MONUSCO, misheni ya UN nchini Kongo. Hawakuwazuia. Picha zipo, waasi wanapita barabarani na gari jeupe la UN limesimama pembeni.

Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Nimesoma hapa na pale, nikakuta azimio la Baraza la Usalama linasema wanaweza kutumia "njia zote zinazohitajika" kulinda raia. Sasa kama njia zote zimeruhusiwa, ile siku ilikuwaje? Nani anajua mambo haya kwa undani? Sitaki siasa za nani anamfadhili nani. Nataka kujua kanuni.

KipimaJoto

Hili ni rahisi, mkuu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa una Sura ya 6 na Sura ya 7. Misheni ikiundwa chini ya Sura ya 6, hairuhusiwi kupiga risasi, kazi yake ni kusuluhisha na kuangalia. Ikiundwa chini ya Sura ya 7, inaruhusiwa kupigana. Ya Rwanda mwaka 1994 ilikuwa Sura ya 6, ndiyo maana kamanda wake, Jenerali Dallaire, alifungwa mikono. Ya Kongo ni Sura ya 7. Kwa hiyo Goma waliruhusiwa, wakaogopa. Basi. Mjomba kakosea kwenye sheria, kapatia kwenye matokeo.

SautiYaMbele

Waoga na wala posho. Uzi ungeishia hapa.

BabaNeema

Samahani wakuu, naingilia kidogo. Kijana wangu ana miaka 24, ana cheti cha udereva wa magari makubwa na afya njema. Nimesikia mlinda amani analipwa zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi. Maombi yanatumwa wapi? Kuna tovuti?

Rukia_M

Nimefanya kazi ya kiraia katika makao ya misheni moja kwa miaka kadhaa, kwenye ofisi ya mipango. Sikuwa Goma mwaka 2012, ila nyaraka za aina hiyo nimezishika sana. Niruhusuni nianze na KipimaJoto, kwa sababu alichosema ndicho wengi wetu tunachoamini, na nusu yake ni kweli.

Ni kweli Sura ya 7 inaruhusu Baraza kutumia nguvu bila kuhitaji ridhaa ya mwenye nchi. Lakini mstari kati ya sura hizo mbili hauamui nani apige risasi. Mlinda amani yeyote, hata wa misheni ndogo kabisa ya waangalizi waliopewa silaha, ana haki ya kujilinda. Halafu chukua Lebanon: azimio namba 1701 la mwaka 2006 halikuitaja Sura ya 7 kabisa, lakini liliipa UNIFIL, misheni ya UN kule, ruhusa ya kuchukua hatua zote zinazohitajika katika maeneo iliko. Kwa hiyo ukitaka kujua askari anaruhusiwa nini, usiishie kwenye namba ya sura. Soma kitenzi kilichotumika kwenye azimio, kisha utafute karatasi iliyo chini ya azimio.

Karatasi hiyo ndiyo kanuni za matumizi ya nguvu. Baraza la Usalama haliiandiki. Baraza linapitisha azimio, ambalo lina maneno ya kisiasa, mara nyingi yameandikwa kwa kuvutana ili kura 9 kati ya 15 zipatikane na hakuna mwenye kura ya turufu anayekataa. Azimio likishapita, idara ya ulinzi wa amani kule makao makuu ya New York inayageuza maneno yale kuwa kanuni za misheni husika: unaweza kutumia nguvu gani, dhidi ya nani, kwa kumlinda nani, na ni ngazi ipi ya amri inayotoa idhini. Kanuni zinasainiwa kule, kisha kamanda mkuu wa kikosi anazishusha kwa vikosi.

Kwa Goma, tatizo halikuwa sura wala kanuni. Ngoja nipate muda jioni niliandike vizuri, maana halielezeki kwa mistari miwili.

Baba Neema, shikamoo. Hiyo si pesa ya kijana. Nitakujibu pia.

KoploMstaafu

Dada Rukia kasema vizuri. Mimi nilivaa kofia ya bluu, mara mbili, nchi na kikosi sitaji. Kanuni hizo kwetu zilifika kama kadi ngumu ndogo ya kuweka mfuko wa shati. Kila askari alikuwa nayo, na kabla ya kuruka tulizifanyia mazoezi mpaka tukazichoka.

Kwenye kadi mambo yako wazi. Mtu akikujia kwa nia mbaya, unajitambulisha na kumpa onyo kwa sauti. Hasikii, unamwonyesha kwamba silaha yako iko tayari. Bado, risasi ya onyo kama hali inaruhusu. Bado, unapiga, na unapiga kwa kiasi cha kuondoa hatari, hatari ikiisha unaacha. Kama hakuna muda, yaani kashakuelekezea mtutu, hatua zote hizo unaziruka. Raia akiwa hatarini mbele yako, ni hivyohivyo.

Kwa hiyo mjomba aelezwe: kupiga tunaruhusiwa. Lakini aelezwe na hili pia, kadi imeandikwa "unaweza". Haijaandikwa "lazima". Kati ya maneno hayo mawili watu wengi wamekufa.

MtembeziWaUsiku

Koplo, hapo kwenye "unaweza" nimekwama. Una maana askari anaweza kuona raia anauawa, akaamua kutopiga, na asivunje kanuni yoyote?

KoploMstaafu

Kanuni ya kwenye kadi hajaivunja. Anaweza kuwa kavunja amri ya kamanda, au azimio lenyewe, hayo ni mambo ya wakubwa. Ila kwenye ile kadi, hapana.

Nikupe kisa. Kambi yetu ndogo, kombania moja, watu kama 120. Saa mbili usiku simu ikaingia kutoka kwa mzee wa kijiji, umbali wa kama kilomita nane. Watu wenye silaha wameingia, wanavunja nyumba. Sisi tukavaa tukakaa kwenye magari. Injini zinanguruma. Kamanda wa kambi akapiga makao ya sekta, sekta wakamuuliza: helikopta ya kubeba majeruhi usiku inaruka? Hairuki. Barabara imekaguliwa? Haijakaguliwa. Halafu akapiga simu nyingine, kwa simu yake mwenyewe, na hiyo haikwenda sekta. Ilikwenda nyumbani. Sikusikia maneno, niliona uso wake tu alipomaliza. Tukazima injini.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sitasimulia tulichokuta.

Hakuna aliyetukataza kupiga. Hatukufika tu mahali pa kupigia.

SautiYaMbele

Asante Koplo. Sasa hiyo simu ya nyumbani ndiyo ninayosema mimi. Mnakula fedha za dunia, amri mnapokea kwenu.

Rukia_M

SautiYaMbele, lugha yako kali lakini hapo hujakosea sana. Mwaka 2014 wakaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa wenyewe walitoa tathmini ya jinsi misheni zinavyolinda raia. Walichukua matukio 507 ya mashambulizi dhidi ya raia yaliyoripotiwa kati ya 2010 na 2013. Misheni zilichukua hatua ya papo hapo katika matukio 101 tu, yaani moja kati ya matano. Na nguvu za silaha kwa kulinda raia zilikuwa hazitumiki karibu kabisa, hata pale ambapo sheria iliruhusu. Moja ya sababu walizotaja ni hiyo: safu mbili za amri. Moja inatoka kwa kamanda wa misheni, nyingine kutoka mji mkuu wa nchi iliyoleta askari.

Kwa nini simu ya nyumbani ina nguvu? Hapa ndipo swali la Baba Neema linapoingia, na sikulidharau. Umoja wa Mataifa hauna jeshi. Hauna hata askari mmoja wa kwake. Azimio likipita, New York wanaanza kuzunguka kwenye balozi wakiuliza: nani ana batalioni? Nchi ikikubali, inasainiwa hati ya makubaliano inayotaja idadi ya askari, magari, mahema, majiko, mpaka vyoo. Kuna kiwango cha malipo kwa kila askari kwa mwezi, tangu Julai 2022 ni dola 1,448, nacho kinalipwa kwa serikali. Serikali inamlipa askari wake kwa utaratibu wake. Magari na vifaa vinalipwa kama vya kukodi, na wakaguzi wanakuja kila baada ya miezi mitatu kuhesabu: gari lisilotembea halilipwi.

Kwa hiyo Baba Neema, kijana hawezi kuomba kuwa mlinda amani mwenye silaha. Aingie jeshini kwanza, halafu jeshi limchague. Nafasi za kiraia zipo, madereva wakiwemo, ila madereva wengi huajiriwa miongoni mwa wenyeji wa nchi ya misheni.

Sasa unganisha. Askari ni wa serikali yake. Mshahara unatoka kwa serikali yake. Akifanya kosa la jinai, anashtakiwa na serikali yake peke yake. Akifa, jeneza linapokelewa na serikali yake, na waziri ndiye atakayeulizwa bungeni. Kamanda wa misheni ana mamlaka ya kumwambia nenda kule, linda pale. Hana mamlaka ya kumfukuza jeshini wala kumpandisha cheo. Wewe ungekuwa yule kamanda wa kambi, ungepiga simu wapi?

BabaNeema

Marahaba binti yangu, nimekuelewa. Kwa hiyo hata wale polisi waliokwenda Haiti wakiongozwa na Kenya nao serikali ililipwa hivyo hivyo?

Rukia_M

Hapana, na wengi wanachanganya. Ile ya Haiti iliruhusiwa na Baraza la Usalama mwezi Oktoba 2023, lakini haikuwa misheni ya Umoja wa Mataifa. Baraza lilizipa nchi ruhusa zijipange zenyewe, na fedha zake zikategemea hiari ya wachangiaji badala ya michango ya lazima ya nchi zote. Kofia haikuwa ya bluu. Tuiache, tutapotea njia.

MtembeziWaUsiku

Dada Rukia, jioni imefika. Tunasubiri Goma.

Rukia_M

Haya, Goma.

Azimio lililokuwa likitumika mwezi ule liliipa MONUSCO mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, kulinda raia walio katika tishio la karibu la kudhuriwa, kwa njia zote zinazohitajika. La pili, kulisaidia jeshi la serikali, FARDC, katika operesheni zake. Tazameni neno "kusaidia". Anayesaidia anahitaji wa kumsaidia.

Katika siku za kabla ya tarehe 20, MONUSCO walipiga. Helikopta zao za kivita zilirusha makombora kwenye ngome za M23 kaskazini mwa mji, mara nyingi. Hili mjomba hakulisikia, kwa sababu halina picha. Halafu mstari wa FARDC ukakatika. Askari wa serikali wakaondoka Goma kuelekea Sake. Asubuhi ya tarehe 20 kamanda wa UN mjini hakuwa tena na wa kumsaidia.

Akabaki na jukumu la kwanza, raia. Sasa mweke kamanda mezani. Askari wake ni wachache, wametawanyika kulinda kambi na uwanja wa ndege. Mji una mamia ya maelfu ya watu, nyumba zimebanana. Waasi wanaingia wakitembea, hawachinji watu barabarani saa ile. Je, raia wako katika tishio la karibu? Akianza kupigana mtaa kwa mtaa na watu wamo ndani, ni nani atakayekuwa amewaletea tishio? Akaamua kushika uwanja wa ndege, kuendelea na doria, na kutopigania mji. Azimio lilimpa kazi ya kulinda watu. Halikumpa kazi ya kulinda Goma kama mji.

Kwa hiyo jibu langu kwa mjomba: hawakukatazwa kupiga risasi. Hawakuagizwa kuwapiga M23 kwa sababu tu ni M23. Hizo ni ruhusa mbili tofauti.

KipimaJoto

Dada, nakubali kuhusu Sura, nilirahisisha. Lakini hiyo hoja ya "tishio la karibu" ni mlango wa kutorokea. Kundi lenye historia ya mauaji linaingia mji, na wewe unasubiri mpaka lianze? Karibu ni karibu kiasi gani?

Rukia_M

Hilo ndilo swali lenyewe, na mwaka uliofuata lilijibiwa kwa namna ninayoiona ya akili kuliko azimio lenyewe lililokuja kusifiwa.

Kwanza azimio. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza likapitisha namba 2098 kwa kauli moja. Likaunda ndani ya MONUSCO kikosi maalumu cha kujibu mashambulizi, FIB: batalioni tatu za askari wa miguu, moja ya mizinga, na kombania ya makomando na upelelezi, makao Goma. Watu 3,069 kwenye karatasi. Kitenzi kikabadilika. Badala ya kulinda na kusaidia, kikosi kikapewa kazi ya kuyamaliza nguvu makundi yenye silaha, iwe pamoja na FARDC au peke yake. Na kwa kuwa baadhi ya wajumbe waliingiwa na hofu, wakaweka sentensi kwamba hii ni ya kipekee na haiweki mfano kwa misheni nyingine.

Pili, askari. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilijua kabla ya kusaini kwamba zinakwenda kupigana. Kwa maoni yangu hili ndilo lililobadilisha mambo kuliko kitenzi. Simu ya nyumbani ilikuwa imeshapigwa kabla ya safari, na jibu lilikuwa ndiyo.

Tatu, na hapa ndipo swali lako, KipimaJoto. Tarehe 30 Julai 2013 MONUSCO ikatangaza eneo la usalama kuzunguka Goma na Sake. Kila mtu asiye askari wa vyombo vya serikali akapewa saa 48 kusalimisha silaha. Muda huo ukiisha, yeyote atakayekutwa na bunduki ndani ya eneo hilo angehesabiwa kuwa tishio la karibu kwa raia. Umeona walichofanya? Neno lile lile la zamani, "tishio la karibu", hawakulifuta. Walilipimia mipaka kwenye ramani na kulipa saa. Askari kwenye kizuizi hakuhitaji tena kujiuliza nia ya mtu iko wapi. Jibu alikuwa amepewa asubuhi.

Na ukiangalia kisheria, sehemu hiyo ingewezekana hata chini ya maneno ya mwaka 2012.

KoploMstaafu

Hiyo ya ramani naiunga mkono kwa mikono miwili. Askari wa chini hahitaji falsafa, anahitaji mstari.

Mwisho wa Agosti wakapigana kwenye vilima vya Kibati, kaskazini ya Goma. Ofisa wa Tanzania akafia huko. Oktoba FARDC wakasonga, FIB nyuma yao na mizinga na helikopta, na kufikia tarehe 5 Novemba 2013 M23 wakatangaza kuacha vita. Chini ya mwaka mmoja tangu Goma iondoke.

Lakini msimsifie FIB peke yake. FARDC ile ya 2013 ilikuwa imepangwa upya, na M23 walikuwa wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe. Tuliokuwa kazini tunajua.

SautiYaMbele

Hadithi nzuri. Sasa nielezeni Januari 2025. FIB ipo, azimio la kumaliza nguvu makundi lipo, kanuni zipo. M23 wakaichukua Goma ileile. Kitenzi kilikwenda wapi?

Rukia_M

Swali halali, na sina jibu moja. Naweza kukupa ninachoona.

FIB ilipimwa kwa ajili ya kundi la waasi la mwaka 2013. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya katikati ya 2024, walikadiria kuwa wanajeshi wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 walikuwa wakipigana pamoja na M23. Rwanda inakanusha. Lakini kama makadirio yale ni sahihi, basi kikosi hicho kilikuwa kinakabiliana na jeshi la nchi, lenye silaha za jeshi la nchi. Hakuna kitenzi kinachofidia hilo. Na misheni yenyewe ilikuwa imeanza kufunga virago: serikali ya Kongo ilitaka iondoke, Baraza likakubali Desemba 2023 iondoke kwa awamu, na Kivu Kusini ikawa imeachwa katikati ya 2024. Ridhaa ya mwenye nyumba ikianza kukatika, askari wanajua. Hata hivyo msisahau kwamba walinda amani kadhaa waliuawa Januari ile. Wapo waliopigana.

Kisha kuna FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Kongo. Baada ya M23, zamu ilikuwa yao. Mapema 2015 serikali ikateua majenerali wawili wanaotuhumiwa kwa ukiukwaji wa haki za binadamu kuongoza operesheni. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinakataza kuvisaidia vikosi vya namna hiyo, misaada ikasitishwa, na operesheni ya pamoja ikafa. Azimio lilikuwa lile lile, kikosi kile kile.

MtembeziWaUsiku

Hapa kuna kitu kinanisumbua. Kama FIB inakwenda kuwinda waasi porini, bado ni walinda amani? Nilijua ukimpiga mlinda amani ni uhalifu wa kivita.

KipimaJoto

Ni uhalifu siku zote. Kofia ya bluu ni kofia ya bluu.

Rukia_M

Si siku zote. Mkataba wa Roma unahesabu shambulio dhidi ya walinda amani kuwa uhalifu wa kivita pale tu wanapostahili ulinzi wanaopewa raia. Anayeshiriki mapigano moja kwa moja anaupoteza. FIB ikishambulia, askari wake ni wapiganaji kama wengine, na sheria za vita zinawafunga pia.

Kinachobishaniwa ni ukubwa wa duara. Askari wa FIB peke yao? Kikosi chote cha kijeshi cha MONUSCO, akiwemo fundi wa maji na daktari wa kambi? Wako wanasheria wanaosema misheni yote ya kijeshi imekuwa upande wa vita, wako wanaosema ni FIB tu, na wako wanaosema ni kwa muda wa operesheni tu. Halijakwisha. Na mwasi aliyeko porini hasomi maoni ya wanasheria, anaona herufi mbili nyeusi kwenye mlango wa gari jeupe.

KoploMstaafu

Tarehe 7 Desemba 2017, Semuliki, wilayani Beni. Kambi ya Watanzania ya FIB ilivamiwa jioni na waasi wa ADF, wakapigana masaa kadhaa. Walikufa wasiopungua 14. Uchunguzi uliofuata ulizungumzia uratibu, msaada wa anga, na namna ya kuwaondoa majeruhi. Yale yale ya injini tulizozizima sisi.

UN wana kipimo chao: majeruhi apate huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, matibabu ya dharura ndani ya saa 1, upasuaji ndani ya saa 2. Kipimo kizuri sana. Kamanda asipokuwa na helikopta ya usiku, kipimo hicho kinamwambia asitoke usiku. Kwa hiyo akikaa kambini analaumiwa, akitoka na mtu akafa analaumiwa mara mbili.

SautiYaMbele

Na akikaa kambini wakafa raia, anaadhibiwa na nani? Nionyesheni mmoja.

Rukia_M

Juba, Sudan Kusini, Julai 2016. Mapigano yakazuka, na tarehe 11 askari wenye silaha wakavamia makazi ya wafanyakazi wa misaada, umbali mfupi kutoka kambi ya UNMISS, misheni ya UN nchini humo. Waliokuwa ndani walipiga simu wakiomba msaada. Maombi yalifika kambini, vikosi viliulizwa kimoja baada ya kingine, hakuna kilichotoka. Kanuni ziliruhusu. Uchunguzi ukaongozwa na jenerali mstaafu wa Uholanzi, Patrick Cammaert, na mapema Novemba Katibu Mkuu akamwondoa kamanda mkuu wa kikosi, Mkenya.

Kenya ikasema kaonewa, kaingia kazini wiki chache tu, na matatizo ya misheni katupiwa mtu mmoja. Ikatangaza kuondoa askari wake wote Sudan Kusini.

MtembeziWaUsiku

Yaani walimwondoa mmoja wakapoteza batalioni nzima?

Rukia_M

Ndivyo ilivyokuwa. Na mwezi uliotangulia walikuwa wanatafuta askari 4,000 wa nyongeza kwa ajili ya Juba hiyohiyo, ambao Baraza liliwaidhinisha Agosti.

KoploMstaafu

Hapo ndipo natofautiana na dada Rukia kidogo. Anaamini ukichagua nchi zilizokubali mapema, tatizo limepungua. Mimi naona nchi inakubali siku ya kusaini. Baada ya majeneza ya kwanza, serikali inaweza kubadilika, na hakuna atakayeisaini upya ile hati. Simu inaanza tena kulia.

Rukia_M

Sikupingi, Koplo. Ila kati ya 2012 na 2013 tofauti ilionekana, na majeneza yalikuwepo.

MtembeziWaUsiku

Nimemsomea mjomba uzi wote. Kakubali kwamba waliruhusiwa kupiga. Sasa kauliza kitu kingine: yule kamanda wa kambi ya Koplo, ile simu ya nyumbani, alipokea nani?

KoploMstaafu

Mwambie mjomba hata mimi nimejiuliza miaka yote hiyo. Kamanda hakusema, nasi hatukumuuliza.